Hati ya makabidhiano ya ruta: iandike kana kwamba ruta imesahau kila kitu

Ofisi yetu ni ndogo: watu wanane, ruta moja, swichi ya milango minane, printa moja na kinasa cha kamera kilichowekwa juu ya kabati. Kwa miaka mingi mimi mwenye ofisi ndiye niliyekuwa fundi wa mtandao, na nilipoanza kumkabidhi mwenzangu shughuli za kila siku nilimwachia daftari. Ndani yake niliandika nenosiri la Wai-Fai, nenosiri la kuingilia kwenye ruta na namba ya simu ya huduma kwa wateja. Niliamini nimemaliza.

Wiki ile ile nikasafiri. Intaneti ikawa nzito, mwenzangu akapiga simu huduma kwa wateja kuulizia, akaambiwa aianzishe ruta upya. Alichoelewa ni kitufe kilichoandikwa Reset, kile kilichojificha kwenye tundu dogo nyuma ya kifaa. Akakichoma kwa ncha ya kalamu, akahesabu mpaka kumi na tano. Taa zote zikazima, zikawaka tena, isipokuwa ya intaneti. Alichotakiwa kufanya ni kuichomoa kwenye umeme, asubiri kidogo, airudishe. Kufanya hivyo hakufuti kitu, ila kitufe cha Reset kikibonyezwa kwa sekunde kumi na zaidi huirudisha ruta katika hali iliyotoka nayo kiwandani.

Nilipowasha simu jioni nikakuta ujumbe wake: "Bosi, nimefuata daftari lako neno kwa neno, haikubali." Kweli alikuwa amelifuata, ila daftari halikuwa na kile alichokihitaji. Ofisi ilikaa siku moja na nusu bila mtandao.

Tangu hapo naandika hati ya makabidhiano kwa kipimo kimoja: mtu aliye na ruta iliyofutwa kabisa, na mimi sipatikani, aweze kuirudisha ofisi kazini kwa kusoma karatasi tu. Hatua zinazofuata zimetokana na kipimo hicho.

Hatua ya 1: Tenganisha manenosiri manne

Makosa mengi ya makabidhiano huanzia hapa. Mtu husema "nenosiri la ruta" bila kusema ni lipi, na yapo manne yasiyohusiana.

La kwanza ni la Wai-Fai, ambalo kila mfanyakazi analijua. La pili ni la kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio wa ruta yenyewe. Mara nyingi lile la kiwandani limechapishwa kwenye kibandiko chini ya kifaa, lakini kama uliwahi kulibadilisha, kibandiko hakikusaidii mpaka ruta ifutwe. Andika yote mawili: la sasa, na kwamba baada ya kufutwa litarudi lile la kibandikoni. Kibandiko kipige picha sasa hivi, maana maandishi yake hufifia na wino huchubuka.

La tatu ndilo lililotukwamisha: jina la mtumiaji na nenosiri ambavyo ruta inavitumia kujitambulisha kwa kampuni inayotoa intaneti. Huitwa PPPoE. Fundi wa kampuni huviingiza siku ya kufunga mtandao, hufunga begi lake na kuondoka, na wewe huvioni tena kwa sababu ruta inavituma yenyewe kila inapowaka. Ruta ikifutwa, navyo vinaondoka. Wai-Fai itaonekana kwenye simu, utaunganishwa vizuri, lakini hakuna ukurasa utakaofunguka.

La nne ni la akaunti ya mteja kwenye tovuti au programu ya mtoa huduma, unakolipia na kufungulia malalamiko.

Kwenye hati, kila nenosiri lipe mstari wake na ueleze kazi yake kwa sentensi moja. Usiandike "nenosiri la mtandao" popote.

Hatua ya 2: Ingia kwenye ruta unakili upande wa WAN, yaani unaoelekea nje

Atakayekupokea lazima ajue anaingilia wapi. Kwenye kompyuta ya Windows iliyounganishwa na mtandao wa ofisi, fungua Command Prompt uandike:

```
ipconfig
```

Tafuta mstari wa `Default Gateway`. Namba iliyopo hapo, kwa mfano `192.168.10.1`, ndiyo anwani ya ruta. Iandike juu kabisa kwenye kivinjari na ukurasa wa kuingilia utafunguka. Kwenye hati weka anwani ya sasa, na pembeni yake anwani ya kiwandani, ambayo kwa kawaida ni `192.168.1.1` au `192.168.0.1`. Ruta ikishafutwa, ile ya sasa haitafungua kitu, na mtu asiyejua hilo atadhani kifaa kimekufa.

Ukiwa ndani, nenda kwenye ukurasa wa WAN au Internet. Kitu cha kwanza kunakili ni aina ya muunganisho, kwa sababu ndicho kinachoamua mengine yote.

Ikiwa ni PPPoE, unahitaji jina la mtumiaji na nenosiri. Jina litaonekana, lakini nenosiri litafichwa kwa vidoti, na ruta nyingi hazikupi njia ya kuliona. Usikubali vidoti. Wapigie mtoa huduma leo, ukiwa bado wewe ndiye mwenye akaunti na simu yako ndiyo wanayoitambua, uwaombe wakutajie au wakuwekee jipya.

Ikiwa ni Static IP, nakili anwani yenyewe, subnet mask, gateway na DNS. Ikikosekana moja kati ya tatu za kwanza, mtandao hautoki. Ikikosekana DNS, mtandao unatoka lakini majina ya tovuti hayafunguki.

Ikiwa ni Dynamic IP, hakuna cha kuingiza, lakini uliza jambo moja: je, kampuni inaitambua ruta kwa MAC yake, yaani namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe? Baadhi hufanya hivyo, na siku ruta itakapoungua na kubadilishwa, mpya haitapewa anwani mpaka wapigiwe simu waisajili. Hilo lisipoandikwa, mrithi wako atairudisha ruta nzima dukani akidhani ni mbovu.

Chini ya aina ya muunganisho angalia kama kuna VLAN ID. Ni namba moja tu na ni rahisi kuipita. Kwenye mitandao ya faiba inayotumia namba hiyo, unaweza kuingiza jina na nenosiri sahihi kabisa, na bado ruta ikajaribu kujiunga bila kujibiwa na mtu. Ukurasa wangu ulivyo sasa kwenye hati ni huu, majina na namba vikiwa vya mfano:

```
Connection Type : PPPoE
Username        : ofisi01@mfano
Password        : (bahasha, mstari wa 3)
VLAN ID         : 100
MTU             : 1492
```

Hiyo 1492 haikubahatishwa. MTU ni ukubwa wa mwisho wa kipande kimoja cha data: kwenye mtandao wa kebo kwa kawaida ni baiti 1500, na PPPoE huchukua 8 kwa ajili ya kichwa chake. Ukikuta ruta imejiwekea yenyewe, iache ilivyo. Nimeiandika ili atakayekuja asione namba ngeni akairekebisha iwe 1500 kisha baadhi ya tovuti zikaanza kugoma kufunguka bila sababu ya wazi.

Hatua ya 3: Andika upande wa ndani, pamoja na sababu za kila kitu

Intaneti yetu iliporudi siku ile tulishangilia, kisha printa ikakataa. Kompyuta zote zilisema haipo. Mwenzangu aliizima na kuiwasha, akabadilisha kebo, akaifuta na kuiweka upya kwenye kompyuta mbili. Mchana mzima ukapita hivyo.

Sababu ilikuwa hii. Mtandao wetu wa ndani nilikuwa nimeuweka kwenye `192.168.10`, na printa niliipa kwa mkono anwani `192.168.10.20`. Ruta ilipofutwa ilirudi kwenye `192.168.1`. Kompyuta huuliza anwani kwa ruta kila zinapojiunga, kwa hiyo zilipewa mpya zikaendelea. Printa haiulizi, ilibaki inang'ang'ania anwani yake ya zamani, ikawa kama mtu anayesubiri barua kwenye nyumba aliyokwisha kuhama. Dawa ilikuwa kubadili anwani ya LAN ya ruta, yaani ya upande wa ndani, irudi `192.168.10.1`, na printa ikajitokeza yenyewe bila kuguswa.

Kwa hiyo kwenye hati, upande wa LAN, andika anwani ya ruta na eneo la anwani ambalo DHCP, huduma ya ruta ya kuvipa vifaa anwani, inagawa. Kisha vitaje vifaa vyenye anwani maalumu na sababu yake:

```
LAN IP     : 192.168.10.1
DHCP       : 192.168.10.100 - 192.168.10.200
Printa     : 192.168.10.20
Kinasa     : 192.168.10.30
```

Chini yake nimeandika kwa maneno kamili: "Printa iko .20 kwa sababu kompyuta zote zimewekwa kuitafuta hapo. Iko nje ya eneo la DHCP ili ruta isije ikampa mtu mwingine namba hiyo." Sentensi hizo mbili zina faida kuliko namba zenyewe. Mtu anayerithi mipangilio asiyoijua sababu yake hufanya moja kati ya mawili: huifuta akidhani ni uchafu, au huogopa kuigusa hata inapokuwa haifanyi kazi tena.

Hali ni hiyo hiyo kwa milango iliyofunguliwa kutoka nje, ukurasa unaoitwa Port Forwarding au Virtual Server. Kila mlango utaje unaelekea kifaa gani, nani anautumia na lini unaweza kufungwa. Nilipokaa kuandika sehemu hii niligundua mlango nilioufungua kwa ajili ya kamera zilizokwisha kuondolewa zamani. Nikaufunga saa ile ile. Kama hujui mlango ni wa nini, ufunge wakati ungali ofisini usikie nani atalalamika, kuliko kumwachia mwenzako.

Hatua ya 4: Wai-Fai, herufi kwa herufi

Jina la Wai-Fai na nenosiri vikirudishwa sawasawa na vilivyokuwa, simu na kompyuta zote zitajiunga zenyewe. Ikitofautiana herufi moja, hata kubwa kwa ndogo, itabidi mtu azunguke kifaa kwa kifaa. Andika kwa chapa inayotofautisha sifuri na O, na moja na l ndogo, au ueleze kwa maneno: "sifuri, si herufi."

Ongeza aina ya ulinzi. Sisi tunatumia WPA2, kwa sababu baadhi ya vifaa vyetu ni vya zamani na haviijui WPA3. Ruta ikiwekwa WPA3 pekee, vifaa vya namna hiyo havitaingia hata kwa nenosiri sahihi.

Hatua ya 5: Faili la akiba lisikudanganye

Ruta nyingi zina ukurasa wa Backup unaokupa faili moja lenye mipangilio yote. Lichukue, lipe jina lenye modeli ya ruta na tarehe, na uandike limehifadhiwa wapi. Kwa ruta ile ile iliyofutwa kwa bahati mbaya, linakurudishia kila kitu kwa dakika chache.

Lakini faili hilo kwa kawaida hukubaliwa na modeli ile ile tu, na wakati mwingine toleo lile lile la programu ya ruta. Radi ikiichoma ruta ukanunua ya aina nyingine, faili haina kazi na karatasi ndiyo inayobaki. Kumbuka pia kwamba ndani yake mna manenosiri, hivyo si la kutumwa kwenye kundi la ofisi.

Hatua ya 6: Mtoa huduma, na simu ipi inayopokea namba ya siri

Namba ya huduma kwa wateja mtu yeyote anaweza kuitafuta. Kilichotupotezea muda mwingi zaidi kilikuwa kingine. Mwenzangu alipowapigia kuomba jina na nenosiri la PPPoE, walimwambia wametuma namba ya uthibitisho kwenye simu iliyosajiliwa. Simu iliyosajiliwa ilikuwa yangu, nayo ilikuwa imezimwa nikiwa angani. Siwalaumu, mtu yeyote angeweza kupiga akajifanya ni sisi. Kosa lilikuwa langu la kumkabidhi ofisi bila kumkabidhi mamlaka.

Kabla hujaandika ukurasa huu, wapigie mtoa huduma uulize mambo matatu: akaunti imesajiliwa kwa jina la nani, simu na barua pepe zipi ndizo zinazopokea namba za uthibitisho, na utaratibu gani unatakiwa kumwongeza mtu mwingine mwenye idhini. Wengine hutaka barua yenye sahihi ya mwenye akaunti, wengine humaliza kwa simu. Likamilishe wakati mko wote wawili, kisha mwache yeye apige simu moja ya majaribio aone kama anahudumiwa bila wewe.

Kwenye ukurasa wenyewe weka namba ya akaunti au ya mteja kama ilivyo kwenye bili, jina lililosajiliwa kwa tahajia ile ile, kifurushi, siku ya kulipa, njia ya kulipia, na namba mbili za simu ikiwa kitengo cha ufundi kina ya kwake. Namba ya fundi mmoja mmoja unayemfahamu iweke mwishoni, kwa maana mafundi huhama.

Kisha mwandikie atakachosema akipiga. Anayepokea simu atauliza taa, na mtu aliyejiandaa hupata jibu haraka. Kwenye kifaa cha faiba, tazama taa ya PON na ya LOS. LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki: faiba imekatika, imepinda mno au imechomoka. Hapo usiguse mipangilio yoyote, piga simu. PON ikiwa imetulia na LOS imezima, lakini taa ya intaneti haiwaki, basi njia ni nzima na tatizo liko kwenye kujitambulisha: PPPoE, VLAN ID, au akaunti iliyosimamishwa kwa bili. Kwetu siku ile PON ilikuwa imetulia kabisa. Laiti mwenzangu angelijua hilo, asingepoteza asubuhi akimsubiri fundi aje kukagua waya.

Mweleze pia faiba inaingilia wapi ndani ya jengo, na ni kifaa gani cha kampuni na kipi cha ofisi. Weka kibandiko kwenye kila adapta ya umeme. Adapta za ruta, swichi na kinasa zinaweza kuwa na kichwa kinachoingia popote huku volti zikitofautiana, moja 9 na nyingine 12, na ikichomekwa kubwa penye ndogo unaweza kuunguza kifaa.

Hatua ya 7: Siri zikae kando, na karatasi iwepo

Hati yenyewe naiandika bila nenosiri hata moja. Penye nenosiri naandika "bahasha, mstari wa 3", na manenosiri yako kwenye karatasi moja ndani ya bahasha iliyofungwa, kwenye droo yenye ufunguo. Hivyo hati inaweza kusomwa na fundi yeyote aliyeitwa bila kumpa ofisi nzima. Ukipenda programu ya kutunza manenosiri itumie, mradi mwenzako ana njia ya kuingia isiyopitia simu yako.

Chapisha nakala. Hati iliyo mtandaoni peke yake haifunguki kwenye kompyuta za ofisi siku mtandao umekatika, na siku hiyo ndiyo inayohitajika. Yangu iko kwenye mfuko wa plastiki uliobandikwa ndani ya mlango wa kabati la ruta, na juu yake nimeandika kwa kalamu nene: KUANZISHA UPYA NI KUCHOMOA UMEME. USIBONYEZE RESET.

Hatua ya 8: Ifute ruta kwa makusudi

Chagua siku ambayo hakuna anayefanya kazi. Chukua faili la akiba kwanza. Kama ruta ni mali ya mtoa huduma, waulize kabla, kwa kuwa baadhi huzisimamia kutoka kwao na huenda zikajipanga zenyewe, au zikahitaji wao kuzirudisha. Kisha mpe mwenzako hati na bahasha, bonyeza Reset, ukae kando unyamaze.

Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu. Kila anapokwama, usimjibu, andika alipokwama. Sisi tulikwama mara tatu. Kwanza hakupata anwani ya kuingilia, kwa sababu nilikuwa nimeandika ile ya sasa peke yake. Pili, VLAN ID ilijificha ndani ya kitufe cha Advanced ambacho sikukitaja. Tatu, alirudisha anwani ya LAN, ukurasa ukaganda, akadhani ameharibu. Kumbe ruta ilikwisha hamia anwani mpya na ilibidi aifungue upya huko. Yote matatu nikayaongeza kwenye hati pale pale, kwa maneno aliyoyatumia yeye.

Tukafuta mara ya pili. Akamaliza kwa dakika ishirini na tano, printa ikatoa ukurasa wa majaribio, na mimi sikufungua mdomo.

Yamebaki madogo ya siku ya mwisho. Badilisha nenosiri la kuingilia ruta mkiwa pamoja, yeye ndiye aandike jipya na kulitia kwenye bahasha. Kama ruta imefungwa kwenye programu ya simu kwa barua pepe yako, itoe hapo na uifunge kwa barua pepe ya ofisi, la sivyo utaendelea kuitawala ukiwa nyumbani kwako bila hata kukusudia. Hakikisha Remote Management imezimwa kama hakuna anayeihitaji. Mwisho, andikeni tarehe juu ya ukurasa wa kwanza, na chini yake jina la aliyekabidhi na la aliyepokea.